Uvimbe wa osteosakoma usiopungua baada ya dawa

Swali: "Mwanangu wa miaka 14 ana osteosakoma juu kidogo ya goti. Amemaliza mizunguko miwili ya dawa lakini uvimbe uko palepale. Je, dawa zimeshindwa? Mguu bado unaweza kuokolewa?"

Pole sana, mama. Mimi ni daktari wa upasuaji wa mifupa, na karibu kila mzazi wodini huniuliza hivyo.

Osteosakoma ni saratani inayojitengenezea mfupa wake, na mfupa huo hauyeyuki hata seli zilizomo zikifa, kwa hiyo ukubwa wa uvimbe hausemi jambo la uhakika. Sakoma ya Ewing, saratani nyingine ya mfupa, ni tofauti: sehemu yake iliyotoka nje ya mfupa ni nyama laini, na dawa zikiiweza mara nyingi hunywea ndani ya wiki chache. Hiyo, tena, hata mionzi huidhibiti, ilhali osteosakoma huistahimili mionzi, ndiyo maana kwenu upasuaji haukwepeki.

Nilimhudumia kijana wa umri wa mwanao, aliyepewa methotreksati ya dozi kubwa, doksorubisini na sisplatini kwa wiki 10 hivi. Paja halikupungua, ila maumivu ya usiku yaliisha, na katika eksirei kingo za uvimbe zilikuwa zimekuwa nyeupe na kujichora vizuri. Zilikuwa dalili njema, si hukumu. Hukumu ilitoka baada ya upasuaji, pale mtaalamu wa patholojia alipopasua mfupa tuliouondoa kwa urefu wake, akaugawa miraba kama ramani na kutazama kila mraba kwa hadubini. Seli zilizokufa zilikuwa asilimia 94. Mwitikio mzuri huanzia 90. Zikiwa pungufu, kwa kawaida dawa zilezile huendelea, kwani utafiti wa kimataifa wa EURAMOS-1 ulionyesha kwamba kuongeza dawa za ifosfamidi na etoposidi kulizidisha madhara bila kuboresha matokeo.

Kuhusu mguu, MRI ya paja zima, kuanzia nyonga hadi goti, hurudiwa baada ya mizunguko hiyo. Tunaangalia kama mshipa mkubwa wa damu nyuma ya goti unatenganika na uvimbe, kisha tunakata mfupa sentimita 2 au 3 juu ya mwisho wa uvimbe, tukiuacha uvimbe umefunikwa na nyama nzima pande zote, na pengo tunalijaza kwa goti bandia la chuma. Uvimbe ukifunguka wakati wa upasuaji, hatari ya kurudi kwake huongezeka sana. Njia ya sindano au kisu kilichochukua kipande cha kwanza cha kupimwa nayo huondolewa pamoja na uvimbe. Binti mmoja alitufikia akiwa na kovu la kukingama, aliyechukuliwa kipande hicho kwingine na mtu ambaye hakufikiria upasuaji utakaofuata. Damu yenye seli za uvimbe ilikuwa imesambaa hadi kwenye mishipa ya nyuma ya goti, tukalazimika kuukata mguu ambao pengine ungebaki.

Muulize daktari wenu MRI hiyo itapigwa lini, na nani atapasua. Baada ya upasuaji dawa hurudi mara kidonda kinapopona, kwa kawaida ndani ya wiki 3, hivyo usaha wowote uripotiwe siku hiyohiyo.