Barua yangu ya "wanachama 312"

Juzi msomaji mmoja wa hapa Dodoma ameniandikia. Faili la wateja wao limetoka nje, na bosi anataka uchunguzi uishe kwanza ndipo watoe taarifa. Nimejiona mimi, maana nami niliwahi kusubiri hivyo, na hadi leo inaniuma.

Nilikuwa mtu wa kompyuta kwenye chama cha kuweka na kukopa. Alhamisi jioni karani alikosea herufi moja ya anwani, faili la Ekseli la wakopaji likaenda kwa mtu asiyehusika. Nilijua Ijumaa asubuhi. Tukakaa siku tisa tukibishana maneno. Barua ikatoka: "Taarifa za wanachama 312 huenda zimeguswa. Hakuna ushahidi kwamba zimetumika vibaya."

Hiyo 312 niliitoa mimi. Nilihesabu mistari ya ukurasa ulioonekana tu, kumbe ndani kulikuwa na ukurasa mwingine uliofichwa: wanachama 1,140, simu, namba za NIDA, salio la mkopo. Niliugundua siku mama mmoja wa Chang'ombe, muuza zabibu, aliposimama kaunta ameshika simu.

"Mwanangu, aliyenipigia amenitajia deni langu hadi shilingi ya mwisho. Akasema nilipie namba hii nipate punguzo. Na hiyo barua yenu mimi sikuletewa."

Alikuwa ameshatuma laki moja na elfu themanini.

Kwa hiyo ndugu yangu, hesabu kutoka nakala ileile iliyotoka, si ile iliyo kwenye kompyuta yako. Bonyeza jina la ukurasa kwa kitufe cha kulia, uangalie kama `Unhide` inabonyezeka. Na "hakuna ushahidi" usiiandike kama hukutafuta. Sisi hatukuwa na njia ya kuona aliyepokea amelifanyia nini lile faili, na hivyo ndivyo tulivyopaswa kusema.

Kuhusu muda, wengi hutaja saa 72. Hizo zimo kwenye sheria ya Kenya ya 2019. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka Tume inayoisimamia ijulishwe bila kuchelewa, na uchunguzi ambao haujaisha si sababu ya kukaa kimya. Andika leo: mlijua lini, nini kimetoka, mmekwishafanya nini, na kipi bado mnakitafuta. Idadi ikibadilika, peleka nyongeza yenye tarehe, useme wazi ya kwanza ilikosewa. Usiifute kimyakimya.

Mteja ana haja nyingine. Anataka kujua tapeli atamwambia nini. Barua yetu ya pili, kwa wote 1,140, ilianza hivi: "Aliyepata faili hili anajua jina lako, simu yako, namba yako ya NIDA na deni lako. Akikutajia deni lako sawasawa, hiyo si dalili kwamba anatoka kwetu. Marejesho hupokelewa kaunta tu. Ukipigiwa, kata simu, uje." Yule mama nilimpelekea mwenyewe, nikamsomea kibarazani kwake.