Linganisha na Jumatatu ya wiki iliyopita, achana na jana

Msomaji mmoja ameniandikia: "Kaka, habari za kazi. Nami nachapisha ripoti ya mauzo kila asubuhi. Skripti yangu inalinganisha idadi ya mistari na ya siku iliyotangulia, lakini kila ikifika data ya Jumapili inapiga kelele bure. Nimechoka, nimeizima. Wewe unafanyaje?"

Ndugu yangu, iwashe tena leo hii, ila ibadilishie siku ya kulinganisha. Nitakueleza kwa kisa cha hapa kwangu, kwa sababu kisa hiki najivunia.

Nashughulikia data za tiketi za mabasi ya mikoani. Kila siku saa 11 alfajiri seva yetu inapakua faili la CSV la mauzo ya jana yake, mstari mmoja kwa kila tiketi. Ikifika saa 2 asubuhi ripoti iko mikononi mwa wasimamizi wa vituo, nao ndio wanaoamua basi la ziada liende wapi. Jumapili ofisi nyingi za tiketi hufunga mapema, kwa hiyo mistari hushuka. Jumatatu hupanda sana. Hakuna aliyeharibu kitu hapo, wiki ndivyo ilivyo.

Hivi karibuni faili la Jumatatu lilikuja na mistari 29,316. La Jumapili lilikuwa na 27,904. Ukilinganisha na jana unaona ongezeko la asilimia 5, unafurahi, unachapisha. Lakini Jumatatu ya wiki iliyopita ilikuwa na 41,212. Kwa kipimo hicho tumeshuka karibu asilimia 29, na biashara haishuki hivyo kwa wiki moja bila mtu yeyote kusikia habari. Skripti ikakataa kuchapisha. Nikalifungua faili nikatazama mwisho wake: mstari wa mwisho ulikuwa na tarehe, jina la kituo cha Mwanza, na nusu ya namba ya tiketi. Basi. Nilipolipakua tena baada ya nusu saa lilikuwa na mistari 41,530.

Kumbe Jumatatu mauzo ni mengi, hivyo mfumo wa wenzetu wanaotutolea faili unachelewa kumaliza kuliandika, na sisi tulilichukua likiwa bado linaandikwa. Hapa ndipo wengi hawaelewi. Wanasema `curl` tunayopakulia ingelalamika. Ingelalamika kama seva yao ingeahidi baiti nyingi ikatoa chache. Hapo inamaliza na kosa namba 18. Lakini seva yao ililipima faili kama lilivyokuwa dakika ile, ikatoa urefu huo, na tukapokea urefu huohuo. Upakuaji ulikuwa safi kabisa, faili ndilo lilikuwa nusu. Kitu pekee kilichojua kwamba kuna pengo ni kumbukumbu ya Jumatatu iliyopita.

Skripti yenyewe ni fupi:

```bash
d=$(date -d "1 day ago" +%F)
w=$(date -d "8 days ago" +%F)
n=$(wc -l < "mpya/$d.csv")
p=$(wc -l < "safi/$w.csv") || exit 1
if [ $((n * 100)) -ge $((p * 85)) ]; then
  mv "mpya/$d.csv" safi/
else
  echo "$d: $n, wiki iliyopita: $p" >&2
  exit 1
fi
```

Zitazame zile folda mbili. Faili jipya haliingii `safi` mpaka lipite, na ripoti inasoma `safi` peke yake. Ukiliacha faili bovu liingie huko, wiki ijayo litakuwa ndilo kipimo, na faili jingine lililokatika litapita likionekana zima. Ukipata lililokamilika, weka hilo.

Hiyo asilimia 85 msinakili tu. Nilichukua mafaili ya miezi iliyopita, nikagawanya kila Jumatatu kwa Jumatatu iliyoitangulia, na kila Ijumaa vivyo hivyo. Siku za kawaida zilicheza kati ya asilimia 93 na 108. Nikaweka mpaka chini kidogo ya hapo, ili skripti ikilia ujue ina sababu. Data yako ikiwa ndogo, tuseme mistari mia mbili kwa siku, itayumba zaidi, na mpaka wako utabidi ushuke.

Wakati naanza kuweka ukaguzi huu, mkubwa wangu wa kazi wa wakati huo aliniambia mbele ya watu kwamba nachelewesha ripoti kwa ajili ya "namba za wiki iliyopita". Bado lile neno linaniuma. Ripoti iliyochelewa nusu saa mtu anaisubiri. Ripoti iliyowahi ikiwa na nusu ya vituo inaondoa basi mahali ambapo watu wamejaa.

Maana ukataji haupunguzi kila kituo kidogo kidogo. Faili letu limepangwa kwa alfabeti ya vituo, Arusha mbele, Tanga nyuma. Likikatika, Arusha iko kamili na Tanga haipo kabisa. Likikatika karibu na mwisho, jumla inaweza kushuka asilimia 8 tu na kupita kwenye mpaka wangu, huku Tanga ikiwa sifuri. Kwa hiyo jumla ikipita, kabla ya ile `mv`, ninahesabu kwa kituo:

```bash
cut -d, -f2 "mpya/$d.csv" | sort | uniq -c
```

Kisha ninalinganisha kila kituo na siku hiyohiyo ya wiki iliyopita. Kituo kilichokuwepo wiki iliyopita na leo hakipo kinazuia uchapishaji, hata jumla ikiwa nzuri namna gani.

Sikukuu zinahitaji akili. Siku ya Idi mistari inaanguka na skripti inalia. Hilo ni rahisi, unatazama kalenda. Hatari iko wiki inayofuata: unalinganisha na siku iliyokuwa chini, na faili lililokatika linapita kwa raha. Ninaweka orodha ya siku za namna hiyo, na kipimo kikiangukia mojawapo narudi nyuma siku 14. Idi huwahi kwa kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo orodha isasishwe kila mwaka. Mwishoni mwa Desemba, watu wanapopanda kwenda Moshi kwa Krismasi, mistari inaweza kuvimba, kisha Januari inashuka. Siku hizo ninategemea hesabu ya vituo na mstari wa mwisho wa faili.

Kuna ukataji mmoja ambao njia hii haiuoni. Mwaka 2020 Uingereza visa 15,841 vya korona vilikosekana kwenye takwimu za kila siku kwa sababu data zilipitia mafaili ya zamani ya Excel, ambayo hayabebi zaidi ya mistari 65,536. Dari kama hilo likikugusa wiki hii na wiki iliyopita, namba zinalingana na skripti inaridhika. Dalili yake ni namba kujirudia ileile bila kucheza hata kidogo. Ukiona Jumatatu mbili zina idadi sawasawa, hasa namba kama 1,000 au 65,536, simamisha.

Na faili likizuiwa, usichapishe nusu ukisema utarekebisha mchana. Acha ripoti ya jana ikae na tarehe yake ikionekana wazi juu, pakua tena baada ya dakika 30, na likikataa mara ya pili mpigie simu aliyelitoa, umtajie mstari wa mwisho ulioupata.