Maoni kwenye wasifu wa rafiki: lipi kwanza?

"Rafiki kanitumia wasifu wake, anaomba kazi ya kutunza stoo. Naona makosa mengi, nianze na lipi?"

Anza na tangazo la kazi. Liweke pembeni, uangalie kama sharti lao kubwa linaonekana nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza. Kama wanataka uzoefu wa kuhesabu mzigo, na yeye kafungua na dini, ndoa na shule ya msingi, mwambie hilo kwanza. Nimechuja maombi ya kazi. Lundo likiwa mezani, kilichofichwa ukurasa wa pili mara nyingi hakifikiwi.

Kisha sentensi za kazi. "Nilihusika na shughuli za stoo" haisemi kitu, lakini ukimwambia "boresha" hujamsaidia. Muulize: stoo ya nini? Ulihesabu lini? Hesabu isipolingana na leja ulifanya nini? Majibu yake ndiyo sentensi mpya: "Nilitunza stoo ya vipuri, nikahesabu mzigo kila mwisho wa mwezi na kufuatilia upungufu." Asiweke namba asiyoweza kuitetea kwenye usaili.

Wapo watakaokuambia uanze na fonti, na wana hoja, maandishi yakibanana yanachosha. Ila rafiki yako atapoteza muda akiremba aya ambazo zitafutwa, kwa hiyo fonti na tahajia ziwe mwisho. Isipokuwa namba ya simu iliyokosewa: hiyo mtajie papo hapo.

Dini na ndoa avifute; avihamishie chini tu kama mwajiri kaviomba.