Kinyume cha 17 kwenye mod 60: rudi nyuma mstari kwa mstari na mkono wako usikimbilie kukokotoa

Nyie mnaoanza mwaka wa kwanza wa kompyuta hapa Unguja, jana nimekaa na wenzenu wawili barazani wanahangaika na swali la ufunguo wa siri wa RSA, na walipokwama ndipo nilipokwama mie zamani, basi leo nieleze kwa kirefu.

Tuchukue namba ndogo. p ni 7, q ni 11, n inakuwa 77, na φ ni 6 × 10 yaani 60. Ufunguo wa wazi e tumechagua 17. Tunaitafuta d, ile namba ambayo ukiizidisha na 17 kisha ukagawa kwa 60 inabaki 1. Kwanza unagawa kubwa kwa ndogo, halafu ile ndogo kwa baki, unakwenda hivyo hivyo mpaka baki iwe 1:

```
60 = 3×17 + 9
17 = 1×9 + 8
 9 = 1×8 + 1
```

Hapa hakosei mtu, ni kugawa kule kule kwa skuli ya msingi. Kazi ipo kwenye kurudi. Kabla ya chochote geuza kila mstari ili baki ikae peke yake:

```
9 = 60 − 3×17
8 = 17 − 1×9
1 = 9 − 1×8
```

Sasa anza na mstari wa chini, na ile 8 uitoe, mahala pake uweke ule mstari wa juu yake: 1 = 9 − (17 − 9). Hapa ndo wengi wanapotea, kwa sababu mkono unawasha kufanya 17 kutoa 9, unapata 8, ushajikuta umerudi pale pale ulipotoka na karatasi imejaa. Usikokotoe! Zile 9 na 17 zione kama vitu, mfano pishi na magunia, wewe unahesabu unavyo vingapi tu. Unayo tisa moja ya mwanzo, na tisa nyengine inatoka kwenye mabano kwa sababu kutoa kumekutana na kutoa, basi ni tisa mbili ukiondoa kumi na saba moja: 1 = 2×9 − 1×17. Mie nazizungushia duara kwa peni nyekundu zile 60, 17 na 9, na kilichomo ndani ya duara sikigusi.

Unapanda tena, 9 inaondoka inaingia 60 − 3×17. Angalia ile 2 iliyosimama mbele, inazidisha vyote viwili vilivyomo ndani, so unapata 2×60 − 6×17, na kuna ile 17 moja iliyokuwepo tangu mwanzo, jumla unatoa saba: 1 = 2×60 − 7×17. Hakiki, 120 − 119 = 1, sawa. Na hili la kuhakiki lifanye kila mstari, sio mwisho tu, maana kila mstari lazima ulete 1, ule wa kwanza kugoma ndo wenye kosa.

Kwenye mod 60 ile 2×60 ni sifuri, inabaki −7, na −7 ni sawa na 60 − 7 = 53. Jibu ni d = 53, kwa sababu 17 × 53 = 901 na 901 = 15×60 + 1.

Mie wakati wangu niliandika 7, alama ya kutoa niliimeza. Nikafunga ujumbe 2 nikapata 18, kufungua kwa 7 ikatoka 39, nikadhani programu mbovu nikashinda nayo mpaka alasiri. Kumbe 39 × 2 = 78, ukigawa kwa 77 inabaki 1, yaani nilikuwa nimepata kinyume cha ujumbe wangu mwenyewe! Dalili ni rahisi: zidisha jibu lako na 17, ikibaki 59 badala ya 1 ujue umesahau alama, hesabu yenyewe haina tatizo. Ikibaki namba nyengine yoyote, basi rudi kwenye mistari.

Alama unaweza hata kuijua kabla ya kuanza kurudi. Ukianza na 60 kugawa kwa 17, hesabu mistari ya kugawa mpaka baki ifike 1: ikiwa witiri kama hapa, mitatu, namba inayokaa mbele ya 17 itakuwa hasi, ikiwa shufwa itakuwa chanya. Na bila kujali alama haizidi nusu ya 60, ukiona −43 hivi usiendelee.

Ukiwa na kompyuta mbele yako hakiki hivi, Python 3.8 kwenda juu:

```
pow(17, -1, 60)
```

Itakupa 53. Ukiweka 14 badala ya 17 inakataa, na haijakosea, maana kugawa kunaishia kwenye baki 2 na KKS ya 14 na 60 ni 2. 14 ukiizidisha na chochote ni shufwa, ukiondoa 60 mara ngapi sijui bado shufwa, 1 haitatokea hata ukeshe.