Menyu kwenye ukurasa wa asali

"Nachora ukurasa wa tangazo la asali yetu ya Sikonge. Nikiondoa menyu ya tovuti, watu watasomaje habari zetu nyingine?"

Iondoe tu, dada. Aliyebofya tangazo la asali kaja kwa asali. Chora kwa kalamu boksi jembamba lenye umbo la simu. Juu nembo, isibofyeke, maana nayo ni mlango wa kutokea. Chini yake maneno yaleyale ya tangazo, picha ya chupa, kisha kitufe kimoja cheusi: "Agiza kwa WhatsApp". Vyote vionekane kabla mtu hajasogeza skrini. Kunja jicho ukitazama mchoro. Kitu cha kwanza kuonekana kisipokuwa kitufe, picha imekuwa kubwa mno.

Zile habari, chukua zinazojibu hofu ya mnunuzi pekee: imechujwaje, Dar inafikaje, chupa ikipasuka njiani inakuwaje. Ziweke chini, halafu rudia kitufe kilekile.

Kaka aliyechangia hapo juu anataka na kitufe cha kupiga simu. Kuna wateja wasio na WhatsApp, kweli, ila namba iandikwe kwa herufi ndogo chini ya kitufe, visigombanie jicho. Bei kukaa juu au chini, hilo mimi bado nalijaribu.