Pawa benki ya kwanza: W na Wh, uangalie ipi?

"Wakuu, niko Mikindani. Umeme ukikatika jioni nataka pawa benki ya kuwasha ruta na feni ndogo ya USB, na kuchaji simu mara moja. Nimeoneshwa mbili, bei zinakaribiana: moja 20000mAh 74Wh 22.5W, nyingine 10000mAh 37Wh 45W. Sielewi W na Wh. Nichukue ipi?"

Chukua ya 74Wh, mkuu.

Wh unaijua tayari, ila kwa jina la uniti. Uniti moja ya LUKU ni Wh 1,000. Pasi ya W 1,000 ikipiga saa nzima mfululizo imemaliza uniti hiyo. Taa ya W 10 itakaa nayo saa 100. Uniti ni ile ile, kilichobadilika ni kasi ya kuila. Kwa hiyo Wh ni akiba iliyomo, na W ni kasi ambayo akiba inatolewa. Hiyo 74Wh haifiki hata sehemu ya kumi ya uniti moja, ndiyo maana hakuna pawa benki ya mfukoni ya kuendesha pasi.

Wh 74 imetokana na 20000mAh, yaani ampea-saa 20, mara volti 3.7 za betri ya ndani. Lakini tundu la USB hutoa volti 5, na kupandisha volti kunapoteza umeme kwa joto. Hesabu asilimia 85 hivi ndiyo itakayokufikia: kama Wh 63. Ile ya 37Wh itakupa kama 31.

Sasa mzigo wako. Ruta ndogo ya nyumbani mara nyingi hula W 7 hivi, hata kama chaja yake imeandikwa 12V 1A, maana W 12 ni kikomo cha chaja. Kwa kuwa inataka volti 12, utahitaji waya wa USB wa kupandisha volti, nao unakula kidogo, tuseme jumla W 8. Feni ndogo W 4. Hapo ni W 12. Simu ya 5000mAh kuijaza kutoka sifuri kunachukua kama Wh 22 ukiweka na upotevu.

Kwenye ile kubwa, 63 toa 22 zinabaki 41. Gawa kwa 12 unapata saa tatu na dakika ishirini na kitu za ruta na feni. Kwenye ndogo, 31 toa 22 zinabaki 9, na hizo ni dakika 45 tu. W 45 zake hazikusaidii kitu hapo. Hizo ni za mwenye laptopu inayochaji kwa USB-C, na hata yeye akivuta W 45 zote, akiba inaisha kwa dakika kama 40.

W hazipuuzwi lakini. Geuza pawa benki usome maandishi madogo mgongoni. 22.5W mara nyingi hupatikana kwa simu zinazokubali chaji ya haraka tu. Kwa waya wa kawaida utakuta 5V 3A, yaani W 15. Tena ukichomeka tundu mbili kwa pamoja, nyingi hugawana hizo 15. Ruta na feni zako za W 12 zinapita, ila ukiongeza na simu zinazidi. Chaji simu kwanza wakati umeme upo, au zima feni kwa muda.

Dalili zitakuambia kilichopungua. Ruta ikiwaka, ikazima, ikawaka tena kila inapotafuta mtandao, W hazitoshi au waya ni mbovu. Ikifanya kazi vizuri halafu ikazima mapema kuliko hesabu, Wh ni pungufu au uwezo ulioandikwa ni wa uongo. Na feni ikizungushwa taratibu sana, pawa benki nyingine huona kama hakuna kilichochomekwa, zinajizima zenyewe. Huo si ubovu.

Huo uongo wa uwezo ndio unaowaumiza wengi, na dawa yake ni mizani, hata ya muuza korosho. Betri za lithiamu za kawaida hubeba kama Wh 250 kwa kilo zikiwa nzuri sana. Wh 74 basi zinataka karibu gramu 300 za betri peke yake, kabla ya ganda na sakiti. Ikipimwa ikawa chini ya robo kilo, irudishe. Na ukioneshwa ya 60000mAh inayoenea kiganjani, hiyo ingekuwa Wh 222: ilipaswa kukaribia kilo moja. Isitoshe, inayozidi 100Wh huwezi kupanda nayo ndege ya Dar bila kibali cha shirika, na hata hii yako ya 74Wh ibebe kwenye begi la mkononi, si la kupakia.