Mguu wa kulia nilipasuliwa, wa kushoto nikauacha

Nilishtuka siku nilipoona bitana ya kiatu changu cheusi imetoboka. Ilikuwa imetoboka sehemu moja tu, upande wa ndani, pale dole gumba linapoungana na unyayo. Tundu lenyewe lilikuwa dogo kama kifungo cha shati, na jozi hiyo sikuwa nimeivaa hata miezi sita. Wakati huo nilikuwa nimetimiza miaka 14 ya kwenda kazini na viatu vilivyochongoka mbele, vya kisigino cha sentimita 7 au 8. Uvimbe uliokuwa umetokeza hapo mguuni nilikuwa nikiuita sugu, na kila Jumamosi nilikuwa nausugua kwa jiwe. Kumbe nilikuwa nasugua mfupa.

Wengi huijua nundu hii kwa jina la bunioni, na wengi hudhani, kama nilivyodhani mimi, kwamba ni nyama au mfupa mpya ulioota. Sivyo. Mfupa mrefu wa unyayo unaobeba dole gumba unakuwa umehama kwenda upande wa ndani, na dole lenyewe limepinda kuelekea kidole cha pili. Kinachotokeza hapo kwenye kona ni kichwa cha mfupa uleule uliozaliwa nao. Juu yake ngozi hukazana na kijifuko cha majimaji huvimba kwa kusuguliwa, ndiyo maana panakuwa pekundu na panauma. Kano nazo, dole likishapinda kidogo, huanza kulivuta kwa pembeni badala ya kulivuta sawasawa. Kila hatua unayopiga inalipinda zaidi.

Kiatu kilichochongoka hubana vidole kama kabari. Ukiongeza kisigino kirefu, uzito wote wa mwili unateremka mbele na kuvisukuma ndani ya kabari hiyo. Lakini siwezi kuvitupia viatu lawama yote. Mama hajawahi kuvaa mchuchumio maishani na nundu anayo, tena mbili. Mguu wenye viungo vilivyolegea au unyayo bapa unarithiwa. Kiatu kinakuja kuchochea kilichokuwepo, na wanawake ndio wanaovivaa viatu vya aina hiyo kwa wingi.

Kabla hujaenda popote, fanya jambo moja. Jioni, wakati miguu imevimba kidogo, simama pekupeku juu ya karatasi umwombe mtu auchore mguu wako kuuzunguka, kalamu ikiwa wima. Usijichoree mwenyewe, maana ukiinama uzito unahama na mguu unakuwa mwembamba kuliko ulivyo. Kisha weka kiatu chako juu ya mchoro. Changu kilifunika mchoro mpaka katikati ya unyayo, halafu kwa mbele mguu wangu ukabaki nje pande zote mbili, upande wa dole gumba sentimita nzima na zaidi. Nilikaa sakafuni nikaitazama karatasi ile muda mrefu.

Nilianza na njia zisizo za kisu, na kwa mwaka mmoja nilizijaribu karibu zote. Kosa la kwanza nilifanya mapema. Nilinunua vile vipande vya silikoni vya kutenganisha dole gumba na kidole cha pili, nikaviweka ndani ya viatu vyangu vilevile vya kuchongoka. Fikiria mwenyewe: nafasi haitoshi vidole vitano, halafu unaongeza cha sita. Wiki ya pili kidole cha pili kilikuwa kimechubuka juu na nundu inauma kuliko mwanzo. Kipande kile kinafaa ndani ya kiatu kipana tu.

Nikaenda kwa fundi viatu. Alipachika kalibu yenye kinundu palepale penye mfupa, akaivuta ngozi ya kiatu kwa siku mbili. Ilisaidia kwa viatu vya ngozi halisi, vya plastiki vilirudi vilivyokuwa. Hata hivyo fundi anaweza kupanua mahali pa nundu, ncha ya mbele hawezi kuigusa, na ncha ndiyo inayosukuma dole.

Halafu kifaa cha kuvaa usiku, kile cha kamba na kigango kinachovuta dole linyooke. Asubuhi nilikuwa nalitazama dole langu limenyooka kweli, nafurahi. Ikifika saa sita mchana limerudi. Nilikivaa miezi mitano kabla ya kukubali kwamba kwa mtu mzima kifaa kile kinanyoosha nyama na kano kwa muda, mfupa kinauacha ulipo. Kama kinakupunguzia maumivu ya usiku, kivae. Ukikinunua ili nundu iondoke, utakivaa mpaka kichakae.

Kilichonisaidia hasa ni kubadili viatu, na nilichelewa kukifanya kwa sababu sikutaka kiwe ndiyo jibu. Kiatu cha mbele pana na mviringo, kisigino kisichozidi sentimita 3 hivi, soli isiyokunjika kirahisi, na nafasi ya kama sentimita moja kati ya kidole kirefu kuliko vyote na mwisho wa kiatu. Usinunue namba kubwa zaidi ukitafuta upana, mguu utateleza mbele na kubanwa vilevile. Tafuta umbo pana katika namba yako. Ndani niliweka soli ya kuinua upinde wa unyayo, na pembeni ya nundu pedi laini yenye tundu katikati, ili kiatu kiegemee pedi kisiguse mfupa. Siku mbaya nilikanda kwa barafu iliyofungwa kwenye taulo, dakika 15 basi.

Baada ya miezi mitatu ya mpango huo mguu wa kushoto ulitulia kabisa. Nundu ilibaki ileile, ila hainiumi. Wa kulia ulikuwa na mambo mengine. Kidole cha pili kilikuwa kimeanza kupanda juu ya dole gumba, na chini ya unyayo, nyuma ya kidole hicho, palitokea sugu ya kweli inayochoma kama kukanyaga kokoto. Dole gumba lilikuwa limeacha kubeba sehemu yake ya uzito, na jirani yake akalazimika kuubeba. Nilikuwa naumwa hata na ndara, hata pekupeku. Hapo ndipo nilipojua kwamba viatu havitamaliza shida ya mguu huu.

Eksirei ya kwanza nilipigwa nimelala kitandani. Daktari wa mifupa aliitazama akanirudisha: ipigwe nikiwa nimesimama. Alikuwa na sababu nzuri, kwa kuwa mguu usiobeba mwili unajinyoosha na pembe zinaonekana ndogo kuliko zilivyo. Ukipewa picha ya kulala, uliza. Katika picha ya kusimama dole la kulia lilikuwa limepinda digrii 34, wakati kawaida ni chini ya 15, na pembe kati ya mfupa wa dole gumba na wa kidole cha pili ilikuwa 15, wakati kawaida ni chini ya 9. Kushoto zilikuwa 19 na 10.

Daktari akaniuliza swali moja: “Dada, unataka kupasuliwa ili uvae nini?”

Nikacheka, lakini hakuwa anatania. Alisema wanaotaka mguu mzuri wa kuutia kwenye kiatu kilichochongoka huwa anawarudisha nyumbani, na nundu isiyouma haigusi hata ikiwa kubwa namna gani, kwa kuwa huenda mguu usiouma ukaanza kuuma baada ya kisu. Mguu wangu wa kushoto akakataa kuujadili. Wa kulia akasema unafaa, kwa vile unauma kila siku, viatu vimeshajaribiwa, na kidole cha pili kimeanza kuharibika.

Nilidhani atakwangua nundu na kushona. Alinieleza kwamba kukwangua peke yake kunaacha mifupa ilivyopinda, na nundu hurudi. Katika mguu kama wangu mfupa wa unyayo hukatwa kwa umbo linalofanana na herufi Z, husogezwa kuelekea kidole cha pili, hukazwa kwa skrubu ndogo, kisha kipande chembamba kama kabari hutolewa kwenye mfupa wa dole lenyewe ili linyooke. Pembe ikiwa kubwa zaidi, au kiungo kilicho nyuma ya mfupa huo wa unyayo kikiwa kimelegea, hukaza kiungo hicho kisicheze tena. Kiungo cha dole kikiwa kimeshalika, hukaza hicho. Kwa hiyo ukisikia shoga yako alitembea baada ya wiki mbili na wewe umeambiwa magongo wiki sita, huenda upasuaji wenu si mmoja.

Sindano ya ganzi ya mguu iliendelea kufanya kazi mpaka usiku wa manane, na ilipoisha nilijua imeisha. Meza dawa ya maumivu kabla ganzi haijatoka, usisubiri. Wiki mbili za kwanza mguu ulikuwa juu ya mito, juu kuliko moyo, karibu kutwa nzima. Nikiuteremsha kwenda chooni nilisikia damu inashuka na dole linapwita. Nyuzi zilitolewa siku ya 14. Kwa wiki sita nilivaa kiatu cha soli ngumu, nikikanyaga kwa kisigino, na kuendesha gari ilikuwa mwiko kwa sababu ni mguu wa breki. Kazini nilirudi wiki ya nane, na kazi yangu ni ya kukaa. Kama yako ni ya kusimama, hesabu miezi mitatu.

Uvimbe ndio ulionichosha. Mwezi wa nne bado mguu wa kulia ulihitaji kiatu kipana kuliko wa kushoto ikifika jioni, na ulikuja kukaa sawa mwezi wa tisa. Ngozi ya upande wa ndani wa dole ina ganzi hadi leo, kama ngozi iliyoguswa na barafu. Dole lenyewe halikunji kama zamani. Nilipewa zoezi la kulikunja juu na chini kwa mkono mara kadhaa kwa siku, nikawa mvivu kwa sababu linauma, na ule ugumu uliobaki sehemu yake nimejitakia mwenyewe. Ile kokoto chini ya unyayo imeondoka.

Wapo ambao nundu yao hurudi, na wapo ambao mfupa unachelewa kuunga, hasa wavutaji sigara. Mwenye kisukari au mguu usiopata damu vizuri apimwe kwanza mzunguko wa damu kabla ya mtu yeyote kuzungumzia kisu, na kidonda juu ya nundu kwake asikisubiri kipone chenyewe. Kiungo kikivimba ghafla usiku mmoja, kikawa chekundu cha moto hata shuka likikigusa huvumilii, hiyo inaweza kuwa gauti, na tiba yake ni nyingine kabisa.

Mguu wa kushoto nauchora kila Januari juu ya karatasi ileile, kwa kalamu ya rangi tofauti. Mistari minne sasa, na ule wa mwaka huu umekaa juu ya ule wa mwaka jana. Ukianza kuuma kwenye ndara, nitarudi kwa daktari yule. Kwa sasa unavaa viatu vyake vipana.